Kutangaza kuwa Unatafuta Kazi, Bila Kuomba Huruma

Saa mbili usiku, watu wakiwa wameshakula, ujumbe huingia kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja. "Habari za jioni ndugu zangu. Samahanini kwa usumbufu. Kama mnavyojua mambo yamekuwa magumu, nina miezi minne niko nyumbani tangu kampuni itupunguze. Naomba mwenye koneksheni anisaidie kazi yoyote, popote, hata kama mshahara ni mdogo. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na najifunza haraka. Mungu awabariki."

Majibu hayakawii. Pole sana. Mungu akufungulie milango. Amina. Mikono iliyofumbatwa, saba kwa mpigo. Asubuhi kundi linahamia kwenye michango ya harusi, na ujumbe ule umeshapanda juu mahali ambapo hakuna atakayeurudia.

Wanakundi hawakukosa roho nzuri. Wamepewa kitu wasichoweza kukipeleka popote. Kati ya watu 80 waliomo, pengine hakuna hata mmoja anayeajiri, lakini kumi wana shemeji, jirani au bosi wa zamani anayeajiri. Kesho yake mmoja wa hao kumi akikutana na shemeji yake, atasema nini? "Kuna dada mmoja anatafuta kazi." Kazi gani? "Yoyote." Mazungumzo yanaishia hapo.

Ndiyo maana tangazo la kutafuta kazi huandikwa kwa kumfikiria msomaji asiyetajwa mara nyingi, yaani yule wa katikati. Si mwajiri wala rafiki wa karibu, ni mtu anayekufahamu juujuu, ambaye akipata sentensi moja iliyonyooka ataifikisha kwa mwenye nafasi.

Mtu huyo wa katikati amechunguzwa na wataalamu. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliwahoji wafanyakazi wa taaluma na wa ngazi ya usimamizi katika mji wa Newton, jimbo la Massachusetts, akachapisha matokeo mwaka 1973. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, ni takriban 17 tu katika kila 100 waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Karibu 56 walikuwa wakionana naye mara mojamoja, na 28 kwa nadra sana. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia majaribio ya LinkedIn yaliyohusisha watu milioni 20, nao ukaonyesha kwamba waliosaidia zaidi watu kuhama kazi ni wale wa uhusiano mwepesi kiasi, si ndugu wa ndani wala watu baki kabisa. Rafiki wa karibu anajua unachokiweza hata usipomwambia. Huyu wa juujuu hajui, na kama tangazo halikumwambia hana pengine pa kukijulia.

Tuchukue mfano mmoja tuutengeneze hadi mwisho. Mfano wenyewe umebuniwa kwa ajili ya makala haya, lakini kazi yake ipo na wengi wanaifanya. Ni dada wa miaka 31, mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam. Kwa miaka sita ameandaa matamko ya forodha katika kampuni ya kugomboa mizigo bandarini, hadi kampuni ilipofunga kitengo chake cha mizigo ya transiti. Ujumbe wa saa mbili usiku ndio wake.

Kabla ya kuandika upya, kuna kazi ya nusu saa. Atafute matangazo matatu au manne ya nafasi za kazi aliyokuwa akiifanya, aandike pembeni jina la kazi linalotumiwa katika kila moja. Dada huyu angeandika "afisa forodha" bila kufikiri, kwa kuwa ndivyo alivyojitambulisha miaka yote. Lakini Dar es Salaam mtu akisikia afisa forodha anamfikiria mwajiriwa wa Mamlaka ya Mapato, anayekagua mzigo, si anayeuombea kibali kwa niaba ya mteja. Neno moja limempeleka upande wa pili wa kaunta. Kwenye kampuni za uwakala kazi yake huitwa deklaranti, na kwenye LinkedIn, ambako matangazo mengi huwa ya Kiingereza, sehemu ya jina la kazi ataandika Declaration Officer. Jina sahihi ni lile ambalo mwajiri angeliandika kwenye kisanduku cha kutafutia, hata kama kadi ya zamani ya kazi ilisema kitu kizito zaidi.

Jina moja linatosha, mawili yakiwa yanakaribiana. LinkedIn inaruhusu kuweka hadi majina matano ya kazi katika mpangilio wake wa Open to work, na wengi huyajaza yote matano kwa hofu ya kupitwa. Mtu anayesoma kwamba dada huyu anatafuta kazi ya forodha, mauzo, utawala, mapokezi na ualimu anaelewa kwamba anatafuta mshahara. Kama kweli kuna njia mbili, tuseme forodha na usimamizi wa ghala, aandike matangazo mawili, kila moja alipeleke kwenye kundi lake.

Baada ya jina ni ujuzi, na hapa ndipo tangazo la kwanza lilipopwaya kuliko kwingine. Mchapakazi, mwaminifu, anajifunza haraka: maneno hayo yanaweza kuandikwa na fundi cherehani na yakaandikwa na daktari, na hakuna anayeweza kuyahakiki kabla ya kumwajiri mtu. Ujuzi unaosomeka ni kitendo, chenye kifaa chake na mahali kinapofanyikia. Dada huyu aliulizwa na mdogo wake, "Ukifika ofisini asubuhi unafungua nini kwanza?" Alijibu bila kufikiri kwamba anafungua TANCIS, mfumo wa forodha wa Mamlaka ya Mapato, anaangalia TANSAD, yaani matamko ya forodha, zilizorudishwa zikiwa na hoja. Sentensi hiyo ya jikoni ni bora kuliko sifa zote tatu za tangazo lake, kwa sababu mwenye kampuni ya kugomboa mizigo akiisikia anajua mara moja kwamba huyu hatafundishwa kuanzia mwanzo.

Vitendo vitatu vinatosha tangazo. Alivyochagua yeye ni hivi. Anaandaa TANSAD za mizigo ya ndani na ya transiti. Anapanga bidhaa katika namba za HS, kazi yenye hatari yake, maana katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki bidhaa nyingi huangukia viwango vya asilimia 0, 10, 25 au 35, na namba isiyo sahihi inaweza kuuhamisha mzigo kutoka kiwango kimoja hadi kingine. Tatu, anafuatilia dhamana za mizigo ya transiti hadi zifutwe baada ya gari kuvuka mpaka. Hili la tatu alitaka kuliacha akiliona dogo. Kumbe ndilo linaloweza kumtofautisha, kwani dhamana isiyofutwa huendelea kumfunga wakala, na mwenye kampuni aliyewahi kuzihesabu dhamana zilizokwama anajua thamani ya mtu anayezikumbuka.

Tarakimu zisaidie pale tu zinapoweza kuthibitishwa. "Wastani wa TANSAD 40 kwa mwezi" ni sentensi ambayo msimamizi wake wa zamani akipigiwa simu ataiunga mkono. "Nimeongeza ufanisi kwa asilimia 70" haina mtu wa kuiunga mkono, na itamtoa jasho kwenye usaili. Kuna pia yasiyofaa kutajwa, ambayo ni majina ya wateja wa kampuni aliyotoka, thamani ya mizigo yao na mambo ya ndani ya ofisi. Anayeyamwaga kwenye tangazo anamwonyesha mwajiri mpya kwamba naye atamwagwa siku moja.

Mahali huonekana jambo jepesi, lakini neno "popote" ndilo linaloharibu zaidi baada ya "yoyote". Anayeliandika anadhani anapanua milango. Anayelisoma anasikia moja kati ya mambo mawili: huyu hajafikiria, au huyu akipata Mbeya atarudi Dar baada ya mwezi. Tangazo zuri lina majibu matatu kuhusu mahali. Anaishi wapi sasa, yuko tayari kwenda wapi, na kwa muda gani wa maandalizi.

Kwa dada wa Mbagala ramani ya kazi inajichora yenyewe. Ofisi za uwakala ziko nyingi karibu na bandari, na Kurasini si mbali na kwake. Upande wa pili wa njia ya mizigo kuna Tunduma, mkoani Songwe, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, ambako mizigo ya Zambia na ile ya Kongo inayopitia Zambia huvuka. Ana shangazi huko, na yuko tayari kuhamia. Katikati kuna Kwala, mkoani Pwani, penye bandari kavu, na alipojiuliza kama angeweza kwenda na kurudi kila siku kutoka Mbagala alikiri kwamba asingeweza, basi akaiacha. Akaandika Dar es Salaam au Tunduma. Mwenzake wa Mombasa angetaja Mombasa au Malaba, na badala ya TANCIS angeandika iCMS, mfumo wa forodha wa Kenya. Ujuzi na mahali huenda pamoja namna hiyo, na mwajiri makini hugundua haraka pale visipopatana.

Swali linalowasumbua wengi ni kuhusu kupunguzwa kazi. Je, jambo hilo litajwe? Litajwe, kwa sentensi moja, pamoja na mwezi lilipotokea. "Nilifanya kazi hapo hadi Oktoba, kampuni ilipofunga kitengo cha transiti." Sababu ya kampuni ikisemwa bila lawama, msomaji anaacha kujiuliza. Anayeificha huulizwa kwa siri na watu wengine, na anayeieleza kwa aya tatu, akitaja meneja na madeni ya mishahara, anaacha kutangaza kazi na kuanza kushtaki. Malalamiko ya haki yana pahali pake, kwa chama cha wafanyakazi au kwenye usuluhishi. Miezi aliyokaa nyumbani haina haja ya kuhesabiwa. Mwenye kusoma Oktoba atahesabu mwenyewe akitaka.

Hapo unyonge unajitenga na ukweli. Kusema huna kazi si unyonge, ni taarifa. Unyonge huingia pale tangazo linapozungumzia shida ya anayeandika kuliko kazi anayoifanya: samahani kwa usumbufu, nisaidieni, hata mshahara mdogo, familia inanitegemea. Kila neno kati ya hayo linamwomba msomaji atoe kitu. Yule mtu wa katikati, anayekufahamu juujuu, hayuko katika nafasi ya kutoa. Akimpelekea bosi wake jina lako anaweka na jina lake mwenyewe hapo. Anataka apeleke mtu wa kazi, asionekane amepeleka mzigo. Kwa sababu hiyo mshahara uachwe kabisa kwenye tangazo. Anayetaja mdogo hushikwa hapohapo, na anayetaja mkubwa hukatwa kabla ya kuonwa.

Adabu ya Kiswahili haipotei kwa kuyatoa maneno hayo. Salamu moja mwanzoni na ahsante moja mwishoni zinatosha, na kama kundi lina wakubwa, "shikamooni" kwao ni haki yao. Kinachoondolewa ni kuomba radhi kwa kutafuta kazi.

Baada ya marekebisho, tangazo la dada yetu lilisomeka hivi:

"Habari zenu. Natafuta kazi ya deklaranti katika kampuni ya kugomboa mizigo, Dar es Salaam au Tunduma, kuanzia tarehe 3 Machi.

Nina uzoefu wa miaka sita. Naandaa TANSAD kwenye TANCIS kwa mizigo ya ndani na ya transiti ya Zambia na Kongo, wastani wa 40 kwa mwezi. Napanga bidhaa katika namba za HS, zaidi vipuri vya magari na mashine. Nafuatilia dhamana za transiti hadi zifutwe. Nina cheti cha EACFFPC.

Nilifanya kazi katika kampuni moja hadi Oktoba, ilipofunga kitengo cha transiti. Msimamizi wangu wa wakati huo yuko tayari kuzungumza na mwajiri.

Naishi Mbagala. Kwa kazi ya Tunduma naweza kuhamia ndani ya wiki mbili. Wasifu wangu uko tayari, nautuma kwa atakayeuomba. Ahsanteni."

Chini yake jina lake kamili na namba ya simu. Rasimu yake ya kwanza ilimalizia kwa "nitafuteni kwa namba hii hii", na ndani ya kundi ilionekana sawa. Lakini ujumbe wa WhatsApp ukisambazwa hauendi na jina wala namba ya aliyeuandika. Shemeji wa mtu, kwenye kundi la tatu, angeona "namba hii hii" na kubaki akiangalia namba ya mtu mwingine. Kwa sababu kama hiyo ni heri maandishi kuliko bango la picha lenye rangi na picha ya pasipoti. Namba iliyo ndani ya picha mara nyingi haibonyezeki ikapiga, na neno TANCIS lililo ndani ya picha huenda lisitokee mtu akilitafuta kwenye simu yake wiki mbili baadaye.

Sentensi ya kwanza ndiyo iliyobebeshwa zaidi, nayo ina sababu za kiufundi. WhatsApp huukata ujumbe mrefu na kuficha unaobaki mpaka msomaji abonyeze. LinkedIn hufanya hivyo baada ya mistari michache tu, ingawa inaruhusu andiko la hadi herufi 3,000. Asiyebonyeza awe ameshapata kazi gani, wapi na lini. Kipimo chake ni rahisi. Mpigie simu mtu asiyejua kazi yako, msomee sentensi hiyo mara moja, kisha mwambie airudie. Dada huyu alimpigia kaka yake fundi bomba, naye akarudia, "Deklaranti, mizigo, Dar au Tunduma, Machi." Hiyo inatosha kusafiri.

Tangazo lilelile halipelekwi kila mahali vilevile. Kwenye kundi la wana-forodha TANSAD haihitaji maelezo. Kwenye kundi la kanisa au la mtaa, aongeze maneno machache baada ya deklaranti: "anayeandaa nyaraka za kutoa mizigo bandarini". Kwenye stetasi ya WhatsApp, ambayo hufutika baada ya saa 24, aweke sentensi ya kwanza na namba tu. Kuwataja watu arobaini chini ya andiko moja ili wote walione kunaonekana kama kuwashika mashati. Afadhali awaandikie watano waliowahi kufanya kazi na kampuni za mizigo, kila mmoja kwa jina, na kila mmoja aulizwe jambo moja analoweza kulijibu.

Kwa aliyeko LinkedIn, mpangilio wa Open to work una njia mbili. Ya kwanza huonyesha taarifa kwa waajiri wanaotumia huduma ya kulipia ya kutafutia wafanyakazi, na ya pili huonyesha kwa kila mtu, pamoja na fremu ya kijani kuzunguka picha, iliyoletwa mwaka 2020. Aliyekwisha kuacha kazi hana cha kuficha na anaweza kuchagua ya pili. Aliye bado kazini aitumie ya kwanza kwa tahadhari, kwani LinkedIn yenyewe inasema hujaribu kuificha taarifa hiyo kwa waajiri wa kampuni uliyomo lakini haiwezi kuhakikisha usiri kamili. Fremu peke yake haisemi kazi gani. Mstari ulio chini ya jina ndio unaosema, na mtu aliyeacha hapo maneno "Natafuta fursa mpya" ameutupa mstari wake bora.

Tangazo lililo wazi huvuta na matapeli. Atakayepiga akisema kazi ipo, ila itumwe kwanza hela ya fomu, ya sare au ya vipimo vya afya, huyo aachwe hapohapo, hata akitaja jina la kampuni kubwa. Namba ya kitambulisho cha taifa, ya TIN na picha za vyeti visiwekwe kwenye tangazo. Mwajiri wa kweli atavidai baada ya usaili, kwa njia yake ya ofisi.

Baada ya siku kumi majibu yenyewe huonyesha penye kasoro. Yakija maombi na pole bila hata swali moja, jina la kazi halijaeleweka au tangazo bado linaomba huruma. Wakiuliza "hasa unafanya nini?", vitendo vimekuwa vya jumla mno. Wakipiga watu wa Mwanza au Arusha, mahali hapajasomeka, pengine pamezama aya ya mwisho. Wakiuliza "lini?", tarehe imesahauliwa. Na ukimya mtupu, kama sentensi ya kwanza imepita kipimo cha simu, mara nyingi maana yake ni kwamba tangazo limekwenda kwenye makundi yasiyo na mtu wa fani hiyo.

Kurudia inaruhusiwa baada ya wiki tatu hivi, ila si kwa kubandika lilelile na kuongeza "bado natafuta". Lirudi likiwa na kitu kipya, kama kozi iliyomalizika, tarehe mpya au mji ulioongezwa. Kwa dada wa Mbagala kilichobadilika ni sentensi moja. Wawili walimuuliza kama anaweza zamu za usiku, jambo ambalo hakuwa amelifikiria. Alizungumza na mama yake kuhusu mtoto wake, akahesabu nauli ya bodaboda ya saa tisa usiku kutoka Kurasini, kisha akaongeza kabla ya ahsanteni: "Zamu za usiku naziweza, endapo kuna usafiri wa kurudi."